Maziwa ya kumlisha mgonjwa kwa mpira: jinsi ya kuchagua kati ya fomula ya kawaida, ya peptidi, ya protini nyingi na ya kisukari

Swali ninaloulizwa wodini karibu kila wiki ni hili: "Huyu tumpe maziwa gani?" Mara nyingi anayeuliza ameshajijibu kwa kusoma maandishi makubwa ya mbele ya kopo. Mgonjwa ana kisukari, kopo limeandikwa la kisukari, basi yamekwisha. Anaharisha, apewe lile la peptidi kwa kuwa "limeshasagwa". Ana kidonda, apewe la protini nyingi. Kazi huanza pale mgonjwa mmoja anapokuwa na vyote vitatu.

Nitaeleza ninavyofanya kwa kumfuata mgonjwa mmoja wa aina hiyo. Ni mama wa miaka 68, kilo 60, amepata kiharusi na hawezi kumeza salama. Ana kisukari cha aina ya pili cha miaka mingi. Juu ya mfupa wa mkia ana kidonda cha mgandamizo cha daraja la tatu, yaani ngozi yote imetoboka hadi kwenye mafuta yaliyo chini yake. Figo ziko sawa. Kabla ya kuwekewa mpira wa puani alikaa siku 6 akiambulia vijiko vichache tu vya chakula.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mgonjwa kabla ya kugusa kopo

Unahitaji namba tatu: nishati, protini na maji. Mwenye kidonda cha daraja hili huhitaji kilokalori 30 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kilo. Kwa mama huyu nilichukua 30, nikapata kilokalori 1,800. Protini ikawa kati ya gramu 75 na 90. Maji nilikadiria mililita 30 kwa kilo, yaani mililita 1,800. Moyo wake ulikuwa mzima; angekuwa na moyo ulioshindwa kazi, au figo zisizotoa mkojo vizuri, namba hiyo ya maji isingefaa.

Ziandike hizo namba tatu kwenye faili. Bila hizo unalinganisha matangazo ya biashara, hulinganishi vyakula.

Zile siku 6 za kutokula nazo zina uzito wake. Mtu aliyekaa zaidi ya siku 5 karibu bila chakula, akijazwa ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu huingia ndani ya seli na kushuka kwenye damu, na moyo unaweza kuyumba. Kwa hiyo siku 2 za kwanza alipata nusu ya hesabu, kilokalori 900, pamoja na thiamini iliyotangulia chakula, na damu ilipimwa kila siku. Hili halibadiliki kwa aina ya kopo. Hakuna fomula inayomkinga mtu na hatari hiyo.

Hatua ya 2: Geuza kopo, usome nyuma

Lebo nyingi hutoa viwango kwa mililita 100. Ukilinganisha hivyo utadanganyika, kwa sababu fomula moja ina kilokalori 1 kwa mililita na nyingine ina 1.25 au 1.5. Linganisha kwa nishati ya mgonjwa wako: akipata zile 1,800 zote, kila kopo litampa protini kiasi gani, wanga kiasi gani na maji kiasi gani?

Hapa chini nimechukua lebo nne za mfano, zenye viwango vinavyofanana na vile utakavyokutana navyo. Fomula ya kawaida, ambayo kitaalamu ni ya polimeri, ina protini nzima ya maziwa au soya, wanga wa maltodekstrini na mafuta ya mimea. Ya peptidi ina protini iliyokatwakatwa vipande vifupi, na karibu nusu ya mafuta yake ni ya mnyororo wa kati, ambayo hufyonzwa bila kutegemea sana nyongo na vimeng'enya vya kongosho. Ya protini nyingi ina kilokalori 1.25 kwa mililita. Ya kisukari imepunguziwa wanga, na pengo limezibwa kwa mafuta, hasa yale ya aina ya mafuta ya zeituni, pamoja na nyuzinyuzi.

| Kwa kilokalori 1,800 | Kawaida | Peptidi | Protini nyingi | Kisukari |
|---|---|---|---|---|
| Ujazo (mililita) | 1,800 | 1,800 | 1,440 | 1,800 |
| Protini (gramu) | 72 | 72 | 108 | 81 |
| Wanga (gramu) | 225 | 252 | 202 | 162 |
| Maji ndani yake (mililita) | 1,510 | 1,490 | 1,150 | 1,530 |

Jedwali hili dogo limenipunguzia ubishi mwingi wodini. Angalia safu ya peptidi: protini ni ileile ya fomula ya kawaida, lakini wanga ni mwingi kuliko kopo jingine lolote. Si kila fomula ya peptidi iko hivyo, ila ziko za kutosha kukufanya usome kabla ya kumpa mwenye kisukari. Angalia pia maji ya ile ya protini nyingi. Mama huyu angepungukiwa mililita 650 kwa siku kama tusingemwongezea maji mpirani. Protini nyingi huzalisha urea nyingi, na urea inahitaji maji ili itoke. Baada ya siku chache ungeona sodiamu na urea zikipanda, mkojo ukikolea, halafu mtu angelaumu figo.

Jambo moja pembeni. Sisi huyaita maziwa, na ndugu hudhani ndiyo maana mgonjwa anaharisha. Fomula nyingi za watu wazima hazina laktosi kabisa. Thibitisha kwenye lebo, kisha utafute sababu kwingine.

Hatua ya 3: Anza na ya kawaida, labda uwe na sababu unayoweza kuiandika

Huu ndio msimamo wangu, na ndio pia ushauri wa mwaka 2016 wa vyama vya Marekani vya lishe tiba na vya wagonjwa mahututi: anza na fomula ya kawaida ya polimeri, usitumie maalumu kwa mazoea. Utumbo wa watu wengi, hata wagonjwa sana, unameng'enya protini nzima bila shida. Hata kongosho lililovimba ghafla halimlazimishi mtu kupewa peptidi. Wengi huivumilia ya kawaida vizuri.

Mama tulimwanzishia fomula ya kawaida, mililita 37 kwa saa mchana na usiku. Siku ya 3 tukapandisha, na siku ya 4 akafika 75 kwa saa, yaani mililita 1,800 kwa siku. Upungufu wa protini wa gramu chache niliujua na nikaukubali kwa muda. Unga wa protini ungeuziba, ukikorogwa kwenye maji na kusukumwa peke yake kwa sindano, si kumwagwa ndani ya kifuko cha chakula ambako huganda na kuziba mpira.

Siku hiyohiyo ya 4 mambo mawili yakatokea pamoja. Aliharisha majimaji mara nne, na sukari ikawa inacheza kati ya 12 na 15 milimoli kwa lita.

Hatua ya 4: Akiharisha, fungua karatasi ya dawa kwanza

Muuguzi wa zamu alinisubiri mlangoni. "Mama, haya maziwa yamemkataa. Tumhamishie peptidi?"

Nilimwomba chati ya dawa. Mstari wa tatu ulikuwa na laktulosi, dawa ya kulainisha choo, mililita 15 asubuhi na jioni. Iliandikwa siku aliyolazwa kwa sababu alikuwa hajapata choo siku kadhaa, na hakuna aliyeifuta. Tulikuwa tunamharisha wenyewe. Chini yake kulikuwa na parasetamoli ya maji mara nne kwa siku, yenye sobitoli ya kuipa utamu. Sobitoli haifyonzwi vizuri na huvuta maji ndani ya utumbo. Metformini nayo ilikuwa imerudishwa siku mbili kabla, na yenyewe huharisha. Isitoshe, alikuwa ametoka kumaliza antibiotiki za kifua, kwa hiyo choo kilipelekwa maabara kutafuta bakteria *Clostridioides difficile*. Majibu yalirudi safi.

Daktari aliifuta laktulosi, parasetamoli ikawa ya vidonge vilivyosagwa laini, metformini ikasimamishwa kwa muda. Baada ya siku mbili alipata choo mara moja, laini. Fomula ilibaki ileile kwa kasi ileile.

Sasa fikiria tungemhamishia peptidi siku ile ya 4. Laktulosi ingekutwa na kufutwa siku ya 6 na mtu mwingine, choo kingekauka, na sote tungeapa kwamba peptidi ndiyo iliyomponya. Angeendelea nayo kwa miezi, kwa bei ya juu zaidi, na gramu 27 za wanga za ziada kila siku katika mwili ambao tayari sukari imeushinda. Ndiyo sababu nasisitiza kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Peptidi ina mahali pake. Vipande vya asidi amino mbili au tatu hupita ukutani mwa utumbo kwa mlango wao wenyewe, msafirishaji anayeitwa PEPT1, na havihitaji vimeng'enya vya kuvikata zaidi kabla ya kufyonzwa. Hii inamfaa aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, au ambaye kongosho lake halitoi vimeng'enya na hata akipewa vya vidonge bado mafuta yanapita. Inafaa pia kujaribiwa kwa anayeendelea kuharisha baada ya dawa na maambukizi kuondolewa kwenye orodha. Dalili za kutofyonza zinaonekana: choo cha rangi ya kufifia chenye mafuta, kinachong'ang'ania chombo, kinachonuka kuliko kawaida, na uzito unaopungua ingawa chati inaonyesha ujazo wote uliingia. Kwenye chati angalia ujazo *ulioingia*, si ulioandikwa kuingia. Nimekuta wagonjwa "wasiofyonza" ambao mashine yao ilikuwa inazimwa saa nane kwa siku kwa ajili ya kuoga, mazoezi na vipimo.

Ukimwanzishia mtu peptidi, andika siku ya kupima matokeo. Kwangu ni siku 3 hadi 5. Kama choo hakikubadilika, tatizo halikuwa kwenye protini nzima, na hakuna haja ya kuendelea.

Hatua ya 5: Sukari ikipanda, tazama insulini kabla ya kopo

Kosa lililokuwa kwa mama huyu ni la kawaida sana. Insulini yake iliandikwa kama ya mtu anayekula milo: asubuhi na jioni. Chakula chake kilikuwa kikiingia saa 24 bila kukoma. Kwa hiyo kulikuwa na saa nyingi za chakula bila insulini ya kutosha. Daktari akaipanga upya ifuate chakula, kwa lengo la sukari kati ya 7.8 na 10. Ilishuka, ikagoma kwenye 12, na dozi zikawa zinapanda kila siku.

Hapo ndipo fomula ya kisukari ilipopata sababu ya kuandikika. Rudi kwenye jedwali: wanga unatoka gramu 225 hadi 162, pungufu ya gramu 63, zaidi ya robo. Protini inapanda hadi 81, ndani ya lengo letu la 75 hadi 90, bila kuhitaji unga wa kuongeza. Maji hayapungui. Kwa namba hizi, kopo moja lilitatua mambo mawili. Kama jina la mbele ya kopo ndilo lingekuwa sababu, tungeweza kufika hapohapo, lakini kwa bahati tu.

Kabla ya kubadilisha niliuliza maswali mawili. La kwanza: tumbo lake linasukuma chakula vizuri? Mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na kisukari cha miaka mingi huweza kudhoofisha neva za tumbo. Mwenye kutapika, tumbo kujaa au kucheua chakula cha saa nyingi zilizopita, kopo lenye karibu nusu ya nishati kwenye mafuta linaweza kumzidishia, na kwa mtu wa kiharusi matapishi yanaweza kuishia mapafuni. Mama hakuwa na dalili hizo, na kichwa cha kitanda kilikuwa kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45 muda wote. La pili: insulini itapunguzwa lini?

Swali hilo la pili nilijifunza kuliuliza kwa uchungu. Miaka ya nyuma, katika hospitali nyingine, nilibadilisha fomula ya mgonjwa Ijumaa alasiri, kutoka ya kawaida kwenda ya kisukari, nikaandika vizuri kabisa ujazo na kasi. Sikumpigia daktari kuhusu insulini. Alfajiri ya Jumamosi muuguzi alimkuta mgonjwa ameloa jasho, sukari 2.9. Alipona, shukrani kwa muuguzi aliyepima bila kusubiri saa ya kupima. Tangu hapo sibadilishi kopo hadi dozi mpya iwe imesainiwa, na sibadilishi Ijumaa. Kwa mama tulipima kila saa 4 kwa siku mbili za mwanzo. Sukari ikatulia kati ya 8 na 10 kwa insulini pungufu.

Hatari ya pili iko pale chakula kinapokatika, mpira ukichomoka au ukiziba huku insulini ya muda mrefu ikiwa tayari mwilini. Itifaki nyingi huelekeza kuweka dripu ya dekstrosi ya 10% kwa kasi ileile ya chakula hadi mpira urudi. Hesabu inakubali: dekstrosi hiyo ina gramu 100 kwa lita, na fomula zetu mbili zina kama 90 na 125. Maagizo haya yawe yameandikwa kabla, kwa sababu mipira huchomoka usiku.

Hatua ya 6: Protini nyingi, kwa nani hasa?

Daktari kijana wa timu yetu alipendekeza kopo la protini nyingi tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya kidonda. Wazo halikuwa baya. Lakini gramu 108 kwa mama huyu ni gramu 1.8 kwa kilo, juu ya lengo, na maji ni machache. Zaidi si lazima iwe bora. Utafiti wa EFFORT Protein uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa mahututi zaidi ya 1,300, ulilinganisha gramu 2.2 au zaidi kwa kilo na 1.2 au chini. Waliopata nyingi hawakutoka hospitalini mapema, na wale ambao figo zilikuwa zimeumia ghafla walielekea kufanya vibaya zaidi. Wale walikuwa mahututi na mama hakuwa, ila jambo la figo nalibeba kila mahali: kreatinini ikianza kupanda, napitia protini upya siku hiyohiyo.

Ninapolichukua kopo hili bila kusita ni pale nishati inapotakiwa kuwa ndogo na protini kubwa. Mgonjwa mnene sana ni mfano mmoja. Mwingine ni aliye kwenye mashine ya kupumua akipewa propofoli: dawa hiyo imeyeyushwa kwenye mafuta na hutoa kilokalori 1.1 kwa kila mililita. Ikiingia mililita 15 kwa saa, hizo ni karibu kilokalori 400 kwa siku ambazo hakuna aliyeziandika kama chakula. Ukipunguza fomula ya kawaida ili usimlishe kupita kiasi, protini nayo inapungua; kopo la protini nyingi linaziba pengo hilo.

Hatua ya 7: Siku ya kutoka

Mama aliruhusiwa akiwa na mpira wa tumboni, kidonda kikianza kujaa nyama nyekundu. Kijana wake alikuwa na swali alilolibeba wiki nzima: "Daktari, hili kopo nikilikosa dukani, nichukue lolote lililoandikwa kisukari?"

Nilimwandikia karatasi ya kubandika kabatini. Kopo liwe na kilokalori 1 kwa mililita, ili ujazo wa kila mlo usibadilike. Kwa mililita 100, wanga uwe karibu na gramu 9 na protini isipungue gramu 4.2. Likizidi wanga wa gramu 10 au likawa la kilokalori 1.5, apige simu kabla ya kulifungua, kwa sababu insulini na maji vitabidi vipangwe upya. Fomula ya unga ikishakorogwa isikae kwenye kifuko zaidi ya saa 4. Ya maji iliyomiminwa kutoka kopo, isizidi saa 8. Na akiharisha, asinipigie kuuliza kopo jingine hadi awe ameshika mkononi orodha ya kila dawa anayopewa mama kwa mpira, hata zile za kikohozi.

Wiki tatu baadaye alinipigia. Alikuwa na orodha mkononi, na ya nne ilikuwa dawa ya kikohozi ya maji isiyo na sukari, iliyotiwa utamu kwa sobitoli.